Nani Alijeruhiwa, na Polisi Walikuwa Wapi? Uchambuzi wa Sentensi Moja ya Habari

Sentensi ifuatayo nimeitunga kwa kufuata mtindo wa habari fupi za ajali ambazo kila msomaji wa gazeti anazifahamu:

(1) Polisi walimhoji dereva wa mbunge aliyejeruhiwa katika ajali mjini Morogoro.

Ina maneno 10 tu, haina neno gumu, na haina kosa lolote la sarufi. Hata hivyo, mhariri akiulizwa ni nani aliyejeruhiwa, hawezi kujibu kwa kuitazama sentensi peke yake, kwa sababu huenda ni dereva na huenda ni mbunge. Akiulizwa Morogoro palitokea nini, pia hawezi kujibu, kwani huenda ajali ilitokea huko, na huenda ilitokea mahali pengine kabisa na Morogoro ni mahali ambapo polisi walifanya mahojiano. Maswali hayo mawili hayategemeani, kwa hiyo tuna maana nne katika sentensi moja. Katika habari inayomhusu kiongozi, tofauti ya maana hizo si ndogo: moja inamlaza mbunge hospitalini, nyingine inamwacha mzima.

Utata huu hautokani na neno lenye maana mbili. Dereva ni dereva, na kujeruhiwa ni kujeruhiwa. Unatokana na jinsi maneno yanavyoshikana. Maneno ya sentensi hayakupangwa kama shanga katika uzi mmoja, bali hujikusanya katika mafungu, na mafungu madogo huingia ndani ya makubwa. Wanaisimu huliita kila fungu la namna hiyo kiambajengo. Leonard Bloomfield aliueleza uchanganuzi wa aina hii mwaka 1933, na Noam Chomsky akauwekea kanuni rasmi mwaka 1957, lakini mbinu zenyewe za kutambua fungu ni za kawaida kiasi kwamba mzungumzaji yeyote anaweza kuzitumia. Unaweza kubadilisha fungu kwa neno moja, unaweza kulihamisha, na unaweza kulidondosha. Kundi la maneno likikubali kutendewa hivyo kwa pamoja, bila kuvuruga sentensi na bila kupotosha maana iliyobaki, tunapata ushahidi kwamba ni fungu moja.

Sharti hilo la mwisho, la kutopotosha maana, mara nyingi husahauliwa, nami nitalirudia kwa sababu katika sentensi (1) ndilo linalotenganisha jaribio la kweli na mchezo wa maneno.

Kabla ya majaribio yenyewe, inafaa kueleza kwa nini Kiswahili, lugha yenye upatanisho wa kisarufi kila mahali, kimeshindwa kutuokoa hapa. Kwa kawaida viambishi vya ngeli hutuonyesha kirejeshi, yaani maelezo ya aina ya "aliyejeruhiwa" yanayolifuata jina, kinaelekea wapi. Tukiandika "gari la mbunge lililoharibika", hakuna anayedhani kwamba mbunge ndiye aliyeharibika, na tukiandika "gari la mbunge aliyejeruhiwa", hakuna anayedhani kwamba gari limejeruhiwa. Kiambishi kimemaliza kazi. Katika (1), dereva na mbunge wote ni watu, wote wako katika umoja, na kwa hiyo wote hupatanishwa kwa "a-" na "-ye-". Neno "aliyejeruhiwa" linawafaa wote wawili sawasawa. Tukimgeuza mmoja kuwa wengi, utata hutoweka papo hapo: "dereva wa wabunge waliojeruhiwa" ina maana moja, na "dereva wa wabunge aliyejeruhiwa" ina maana nyingine. Lakini mhariri hana ruhusa ya kuongeza wabunge ili sentensi ieleweke. Wala kubadili jina hakusaidii kila mara. "Kijana wa mbunge aliyejeruhiwa" inabaki na utata uleule, kwa kuwa "kijana", ingawa umbo lake ni la KI-VI, hupatanishwa kama mtu.

Wengine hudhani dawa ni kutumia "amba-". Wanaandika "dereva wa mbunge ambaye alijeruhiwa katika ajali" na kuridhika. Hawajatibu kitu. "Ambaye" nayo ni ya umoja na ya mtu, na inaweza kumfuata dereva au mbunge kama ilivyofanya "aliyejeruhiwa".

Tuanze basi na ubadilishaji, na kwanza tuchukue swali la aliyejeruhiwa, tukiliweka kando suala la Morogoro. Neno linalofaa zaidi kwa kazi hii ni "yule", kwa sababu linaweza kusimama mahali pa nomino na bado likafuatwa na kirejeshi. Ikiwa "dereva wa mbunge" ni fungu moja na kirejeshi kimekuja kuliongezea maelezo fungu hilo lote, basi tunapaswa kuweza kuandika:

(2) Polisi walimhoji yule aliyejeruhiwa katika ajali.

Ikiwa badala yake kirejeshi kimeshikana na "mbunge" peke yake, basi "yule" itachukua nafasi ya "mbunge", na "dereva wa" itabaki nje:

(3) Polisi walimhoji dereva wa yule aliyejeruhiwa katika ajali.

Sentensi zote mbili ni sahihi, lakini hazisemi jambo moja. Katika (2) aliyehojiwa na aliyejeruhiwa ni mtu mmoja. Katika (3) ni watu wawili. Maana mbili zilizokuwa zimejificha ndani ya (1) sasa zimetengana, na kila moja imeonyesha mafungu yake. Tunaweza kuyaandika kwa mabano hivi:

(2a) [[dereva wa mbunge] aliyejeruhiwa katika ajali]
(3a) [dereva wa [mbunge aliyejeruhiwa katika ajali]]

Msomaji makini anaweza kupinga kwamba "yule" katika (2) huenda imechukua nafasi ya "dereva" tu, na "wa mbunge" imepotea njiani. Pingamizi hilo ni la haki. Njia ya kulijibu ni kutengeneza mazingira ambamo "wa mbunge" lazima ibaki katika maana. Tuseme mbunge ana madereva wawili, mmoja akajeruhiwa na mwingine akanusurika. Mtu akisema "Polisi hawakumhoji dereva wa mbunge aliyenusurika, bali walimhoji yule aliyejeruhiwa", sisi sote tunaelewa kwamba "yule" ni dereva mwingine wa mbunge huyohuyo, wala si dereva yeyote wa daladala aliyepita. "Yule" imebeba "dereva wa mbunge" lote. Hapo tuna ushahidi kwamba maneno hayo matatu yanaweza kuwa fungu, na kwamba mabano ya (2a) hayakuchorwa kwa kubahatisha.

Kiwakilishi kimilikishi kinatupa jaribio lingine la ubadilishaji, ambalo kwa maoni yangu ni kali kuliko la "yule". Katika Kiswahili, "wa" pamoja na jina linaloifuata hubadilishwa kwa "wake". Swali ni hili: tukiweka "wake", inameza maneno mangapi? Katika maana ambayo dereva ndiye aliyejeruhiwa, "wake" inameza "wa mbunge" tu, na kirejeshi kinabaki:

(4) Polisi walimhoji dereva wake aliyejeruhiwa katika ajali.

Katika maana ambayo mbunge ndiye aliyejeruhiwa, "wake" inameza kila kitu kuanzia "wa" hadi "ajali":

(5) Polisi walimhoji dereva wake.

Jambo la kuzingatia ni kwamba (4) haina utata hata kidogo. Hakuna msomaji atakayeielewa kwa maana ya kwamba mwenye dereva ndiye aliyeumia. Mara "wake" inapoingia, mbunge amefungiwa ndani ya neno hilo, na kirejeshi hakiwezi tena kumfikia. Hii inaonyesha kwamba katika maana ya pili, "wa mbunge" na "aliyejeruhiwa katika ajali" haviachani. Ukichukua kimoja na kuacha kingine, maana hiyo inakufa.

Sasa Morogoro. Hapa ubadilishaji wa kwanza unaokuja akilini ni kuweka "huko" mahali pa "mjini Morogoro":

(6) Polisi walimhoji dereva wa mbunge aliyejeruhiwa katika ajali huko.

Jaribio limefaulu, na hata hivyo halijatusaidia. Limethibitisha kwamba "mjini" na "Morogoro" ni fungu moja, jambo ambalo hakuna aliyelitilia shaka, lakini (6) ina utata uleule wa (1). Hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Wanafanya jaribio, linafaulu, wanaandika kwamba kiambajengo kimethibitishwa, na hawaoni kwamba swali lililoulizwa lilikuwa tofauti. Kujua kwamba fungu lipo ni jambo moja, na kujua limening'inia kwenye tawi lipi ni jambo jingine. Ili kujua tawi, yafaa kubadilisha kile kilichoko upande wa kushoto wa fungu, yaani kundi kubwa ambalo huenda fungu hilo limo ndani yake au nje yake.

Tukibadilisha shamirisho yote kwa "huyo" na kuiacha Morogoro nje, tunapata "Polisi walimhoji huyo mjini Morogoro". Mahojiano yalifanyika Morogoro, basi. Tukiiingiza Morogoro ndani ya kile kinachobadilishwa, tunabaki na "Polisi walimhoji huyo", na mahali pa mahojiano hapatajwi. Njia nyingine, inayogusa kitenzi badala ya nomino, ni kutumia "kufanya hivyo":

(7) Polisi walimhoji dereva wa mbunge aliyejeruhiwa katika ajali mjini Morogoro, na mawakili walifanya hivyo Dodoma.

Katika (7) "hivyo" ni kumhoji yule dereva. Kwa kuwa mawakili walifanya jambo hilohilo Dodoma, Morogoro imelinganishwa na Dodoma, na zote mbili zimewekwa nje ya kile ambacho "hivyo" inakirejelea. Msomaji wa (7) huegemea moja kwa moja kwenye maana kwamba polisi walikuwa Morogoro. Sisemi kwamba maana nyingine haiwezekani kabisa, kwani mtu akishikilia anaweza kusema ajali ilikuwa Morogoro na mahojiano ya polisi hayakutajwa mahali, lakini atakuwa anaisoma sentensi kwa kuipinda.

Uhamishaji ni jaribio ambalo katika suala la Morogoro linatoa jibu safi zaidi. Tuitoe "mjini Morogoro" mwishoni na kuipeleka mwanzoni:

(8) Mjini Morogoro, polisi walimhoji dereva wa mbunge aliyejeruhiwa katika ajali.

Maana ya ajali kutokea Morogoro imetoweka. Kinachosemwa Morogoro sasa ni mahojiano. Hali ni ileile tukitumia muundo wa msisitizo: "Ni mjini Morogoro ambako polisi walimhoji dereva wa mbunge aliyejeruhiwa katika ajali." Sababu yake ni ya kimuundo. Ikiwa Morogoro ilikuwa imeshikana na "ajali", ilikuwa imezama ndani ya kishazi rejeshi, na kishazi hicho nacho kimo ndani ya kirai nomino. Fungu lililozama kiasi hicho halichomolewi peke yake na kupelekwa mwanzo wa sentensi. Ikiwa ilikuwa imeshikana na "walimhoji", ilikuwa karibu na uso wa sentensi, na hakuna kilichoizuia kutoka. Kwa hiyo (8) ni kama mlango unaoruhusu maana moja tu kupita.

Kauli ya kutendwa inatupa uhamishaji wa upande mwingine, kwa kuwa inaichukua shamirisho yote na kuifanya kiima. Hapa tunaweza kuona mahali shamirisho inapoishia, kwani kila kilichomo ndani yake lazima kisogee pamoja nayo hadi kabla ya kitenzi:

(9) Dereva wa mbunge aliyejeruhiwa katika ajali alihojiwa na polisi mjini Morogoro.
(10) Dereva wa mbunge aliyejeruhiwa katika ajali mjini Morogoro alihojiwa na polisi.

Katika (9) Morogoro imebaki nyuma, hivyo ni mali ya mahojiano. Katika (10) imesafiri pamoja na dereva, hivyo ni mali ya ajali. Lakini angalia kwamba sentensi zote mbili bado hazijatueleza nani alijeruhiwa. Kauli ya kutendwa imelihamisha fungu kubwa likiwa zima, na kwa kuwa haikuligusa ndani, utata uliomo ndani umesafiri nalo bila kupungua. Mhariri aliyezoea kugeuza sentensi kuwa ya kutendwa kila anapoona utata atatatua nusu ya tatizo na kudhani amemaliza.

Ili kugusa ndani ya fungu, inabidi kumhamisha mbunge mwenyewe. Kujaribu kumtoa na kuacha nafasi yake wazi hakuwezekani. Nyota inaonyesha sentensi isiyokubalika:

(11) *Mbunge aliyejeruhiwa katika ajali, polisi walimhoji dereva wa.

Kiswahili hakikubali "wa" ibaki ikining'inia bila jina la kuishikilia. Mtu anaweza kushawishika kusema kwamba, kwa kuwa uhamishaji umeshindwa, "mbunge aliyejeruhiwa katika ajali" si fungu. Hitimisho hilo litakuwa kosa, kwani tumekwisha kuona katika (3) kwamba maneno hayo hubadilishwa pamoja bila shida. Kilichozuia (11) ni kanuni inayohusu "wa", na kanuni hiyo haina uhusiano na swali letu. Jaribio likifaulu linatoa ushahidi, lakini likishindwa yafaa kwanza kutafuta ni kipi kilichosababisha lishindwe.

Lugha yetu ina njia yake ya kupita kizuizi hicho, na ni njia tunayoitumia kila siku katika mazungumzo: tunamtaja mwenye mali mwanzoni, halafu tunaacha "-ake" mahali alipotoka. Ndivyo tunavyosema "Jirani yangu, mbuzi wake wameibwa." Tukiitumia hapa, maana mbili zinatengana kabisa:

(12) Mbunge aliyejeruhiwa katika ajali, polisi walimhoji dereva wake.
(13) Yule mbunge, polisi walimhoji dereva wake aliyejeruhiwa katika ajali.

Katika (12) kirejeshi kimesafiri na mbunge, kwa hiyo kilikuwa sehemu ya fungu lake. Katika (13) mbunge ameondoka peke yake na kirejeshi kimebaki na dereva, kwa hiyo kilikuwa cha dereva tangu mwanzo. Kwa utata wa aina hii, wenye muundo wa "fulani wa fulani" ukifuatwa na kirejeshi, mimi huanza na jaribio hili kabla ya mengine yote. Linaunganisha uhamishaji na ubadilishaji katika hatua moja, na matokeo yake hayahitaji mjadala wala mazingira ya kubuni.

Udondoshaji nimeuacha nyuma kwa sababu ndio unaodanganya kwa urahisi zaidi. Tukidondosha "aliyejeruhiwa katika ajali mjini Morogoro", tunapata "Polisi walimhoji dereva wa mbunge", sentensi nzuri na ya kweli katika maana zote nne. Tukidondosha pia "wa mbunge", tunabaki na "Polisi walimhoji dereva", nayo ni nzuri na ya kweli. Hata shamirisho yote inaweza kuondoka, tukabaki na "Polisi walimhoji", kwa sababu "-m-" iliyomo ndani ya kitenzi inaendelea kutukumbusha kwamba kuna mtu aliyehojiwa. Mpaka hapa mambo ni shwari. Lakini tazama kinachotokea tukidondosha "dereva wa":

(14) Polisi walimhoji mbunge aliyejeruhiwa katika ajali mjini Morogoro.

Sentensi imesimama imara. Je, "dereva wa" ni fungu? Hapana, na hakuna jaribio jingine lolote litakaloliunga mkono. Huwezi kulibadilisha kwa neno moja, na huwezi kulipeleka popote. Sentensi (14) ni sahihi kisarufi lakini si sentensi (1) iliyopunguzwa, kwani inamtaja mtu mwingine kabisa kuwa ndiye aliyehojiwa. Mtu anayepima udondoshaji kwa kuuliza tu kama kilichobaki "kinasomeka" atavikubali viambajengo visivyokuwepo. Swali sahihi ni kama kilichobaki bado ni kweli pale ambapo sentensi ya awali ilikuwa kweli. Polisi wakiwa wamemhoji dereva wa mbunge, ni kweli wamemhoji dereva, lakini si lazima wawe wamemhoji mbunge.

Kipimo hichohicho cha ukweli hutupa jibu kuhusu aliyejeruhiwa. Dondosha "wa mbunge" na kuacha mengine:

(15) Polisi walimhoji dereva aliyejeruhiwa katika ajali.

Ikiwa aliyejeruhiwa ni dereva, (15) ni kweli, kwa hiyo "wa mbunge" ilikuwa fungu linaloweza kuondoka peke yake. Ikiwa aliyejeruhiwa ni mbunge, (15) ni uongo, kwa kuwa inamsingizia dereva majeraha ya mtu mwingine. Katika maana hiyo, kinachoweza kudondoshwa ni "wa mbunge aliyejeruhiwa katika ajali" kwa pamoja. Hili ndilo kosa linalotokea magazetini pale habari inapofupishwa ili itoshe nafasi. Mfupishaji anaona maneno mawili anayoweza kuyapunguza, anayakata, na jeraha linahama kutoka kwa mtu mmoja kwenda kwa mwingine bila yeyote kusema uongo kwa kukusudia.

Kuna namna ya udondoshaji iliyo ya kawaida kabisa ambayo hutoa matokeo ya kuaminika kuliko hiyo, nayo ni jibu fupi la swali. Anayejibu swali hudondosha kila kitu ambacho muuliza ameshakitaja na kubakiza fungu moja tu. Mwulize mwandishi wa habari: "Walimhoji dereva wa nani?" Akijibu "Wa mbunge", amekata baada ya neno la pili, na hatujajua zaidi. Akijibu "Wa mbunge aliyejeruhiwa katika ajali", amekwisha kutuambia kwamba mbunge ndiye aliyejeruhiwa, kwa sababu jibu lililodondosha "dereva" limekiacha kirejeshi kikiwa na mbunge peke yake wa kukishikilia. Sasa mwulize: "Walimhoji dereva yupi wa mbunge?" Akiweza kujibu "Aliyejeruhiwa katika ajali", basi ni dereva. Na akiulizwa "Walimhoji wapi?", jibu "Mjini Morogoro" linawezekana tu ikiwa fungu hilo lilikuwa la kitenzi cha kuhoji. Maswali haya yanaweza kuulizwa kwa simu, na yule anayejibu hahitaji kujua kwamba anafanyiwa jaribio la kisintaksia.

Yapo mambo ambayo majaribio haya hayafikii. Katika maana ambayo Morogoro ni ya ajali, mtu anaweza kuuliza kama imeshikana na nomino "ajali" (ajali ya mjini Morogoro) au na kitenzi "kujeruhiwa" (alijeruhiwa akiwa mjini Morogoro). Kimuundo ni mabano mawili tofauti. Ila majeraha ya ajali hutokea pale ajali inapotokea, kwa hiyo hakuna hali halisi ambayo moja itakuwa kweli na nyingine uongo, na kipimo cha ukweli kinakuwa butu. Mchanganuzi anaweza kutafuta ushahidi kwingine, lakini mhariri anaweza kuliacha suala hilo bila hasara. Vilevile hukumu za wazungumzaji si sawa nyakati zote. Wapo watakaoiona (13) kuwa ya mazungumzo mno kuandikwa, na wapo watakaoisoma (7) kwa maana ambayo mimi nimeiita ya kupinda. Ndiyo maana jaribio moja halitoshi. Katika kisa hiki, "yule", "wake", kumtanguliza mbunge, na jibu fupi vyote vimegawa maneno mahali palepale, na makubaliano hayo ndiyo yanayotupa ujasiri.

Wasemaji wa redio wana nafuu moja. Kituo kidogo baada ya "dereva wa mbunge" hukielekeza kirejeshi kwa dereva, na kuyasoma "mbunge aliyejeruhiwa" kwa pumzi moja hukielekeza kwa mbunge. Alama ya mkato katika maandishi hujaribu kufanya kazi hiyo lakini ni shahidi dhaifu, kwa kuwa wengi huiweka mahali wanapopumua wala si mahali fungu linapoishia.

Tuseme basi mhariri amepiga simu, na mwandishi amejibu kwamba aliyejeruhiwa ni mbunge, ajali ilitokea Gairo, na polisi walimhoji dereva walipofika naye Morogoro. Sasa mafungu yanajulikana, na kazi iliyobaki ni kuyapanga ili msomaji asiweze kuyapanga vinginevyo. Majaribio yaleyale yaliyofichua utata ndiyo yanayotoa maandishi ya kuuondoa. Kutoka (8) tunachukua Morogoro na kuiweka mwanzoni. Kutoka (12) tunachukua mpangilio wa kumtaja mbunge na jeraha lake kabla ya "wake". Habari inaweza kuwa: "Mbunge alijeruhiwa katika ajali iliyotokea Gairo. Mjini Morogoro, polisi walimhoji dereva wake." Ni ndefu kuliko (1), lakini kila fungu lina mahali pamoja tu pa kukaa. Kama hali ingekuwa kinyume, dereva akiwa ndiye majeruhi, ingetosha kuandika: "Mbunge alinusurika katika ajali iliyotokea Gairo, lakini dereva wake alijeruhiwa na baadaye akahojiwa na polisi mjini Morogoro."

Inabaki kichwa cha habari, ambacho hakina nafasi ya sentensi mbili. Rasimu ya kwanza kwa kawaida huwa "Dereva wa mbunge majeruhi ahojiwa", na hapo utata umerudi kwa umbo fupi zaidi, kwani "majeruhi" haibebi hata kiambishi cha kuonyesha ni ya nani. Badala yake, mpangilio wa (12) unatosha katika maneno matano: "Mbunge ajeruhiwa, dereva wake ahojiwa."